Taa Tatu Badala ya Moja

Chukua taa nane za mapambo, zile zinazokimbizana juu ya mlango wa duka au ukumbi wa harusi. Inawaka ya kwanza, inazimika, inawaka ya pili, hadi ya nane, kisha mzunguko unaanza upya. Umeme unakatika kwa kufumba na kufumbua, halafu unarudi. Sasa zinawaka taa tatu kwa pamoja, na zinakimbizana zikiwa tatu vilevile, kwa mwendo uleule wa zamani. Hakuna waya uliokatika wala kilichoungua. Ukiziacha usiku kucha, zitakesha tatu tatu. Ukizima kabisa, ukangoja kidogo na kuwasha, zinarudi kuwaka moja moja.

Mafundi wengi huishia hapo: zima, washa, mteja ameridhika. Lakini hitilafu hii ina maelezo kamili, na ikieleweka kwenye taa za mapambo inaeleweka pia kwenye lifti, pampu, mashine ya kufulia na taa za kuongozea magari.

Saketi ya taa hizo ni mashine ya hali. Inakumbuka jambo moja tu, yaani imefika hatua gani, na kila saa ya saketi inapotoa pigo inasogea hatua inayofuata. Kumbukumbu yake imo ndani ya flipflopu, vijisaketi ambavyo kila kimoja hushika 0 au 1 mpaka pigo lije kukiambia kibadilike au kibaki. Tuseme fundi ametumia flipflopu nne. Nne zinaweza kupangika kwa namna 16. Taa ni nane, kwa hiyo mbunifu anahitaji mipangilio nane tu. Hiyo ndiyo hali halali. Nane zilizobaki ni hali haramu: hakuna aliyezipangia kazi, lakini kimaumbile zipo, na flipflopu hazina habari kwamba haziruhusiwi kufika huko.

Mpangilio unaotumika sana kwa kazi hii huitwa kihesabio cha Johnson. Flipflopu zinapangwa mstari mmoja. Kila pigo likija, kila flipflopu inachukua thamani ya jirani yake wa kushoto, na ya kwanza inachukua kinyume cha ya mwisho. Ukianzia sifuri tupu, mzunguko ni huu:

```
0000 -> 1000 -> 1100 -> 1110 -> 1111 -> 0111 -> 0011 -> 0001 -> 0000
```

Moja zinaingia kutokea kushoto hadi zinajaa, kisha sifuri zinaingia kuziondoa. Kila hatua inabadilisha tarakimu moja tu, na hilo ni jambo zuri, kwa sababu flipflopu hazishindani kuwahi kubadilika. Uzuri wa pili ni kwamba kuzitambua hatua ni kazi rahisi. Tuzipe taa namba kuanzia 0 hadi 7. Ili kujua kama ni zamu ya taa ya 2, huhitaji kutazama flipflopu zote nne. Inatosha kuona kwamba ya pili ni 1 na ya tatu ni 0, maana kwenye mzunguko wote hali hiyo hutokea mara moja tu, kwenye 1100. Kwa hiyo kila taa inaendeshwa na lango dogo lenye miguu miwili ya kuingilia.

Urahisi huo ndio unaoficha tatizo. Lango la taa ya 2 halijui flipflopu ya kwanza na ya nne zinasema nini. Linaamini kwamba mashine haitoki kwenye mzunguko wake.

Sasa umeme ukayumba, na flipflopu zikaamka zikiwa 0100. Fuata kanuni ileile kwa kalamu na karatasi. Ya mwisho ni 0, kwa hiyo ya kwanza inakuwa 1, nyingine zinasogea, tunapata 1010. Endelea:

```
0100 -> 1010 -> 1101 -> 0110 -> 1011 -> 0101 -> 0010 -> 1001 -> 0100
```

Tumerudi tulikoanzia, na hatujagusa hali halali hata moja. Hali zote nane haramu zimeungana kuwa mzunguko wao wenyewe, uliojitosheleza kama ule halali. Mashine iliyoingia humo ni kama daladala iliyoingia kwenye kipilefti kisicho na barabara ya kutokea: inakwenda, haiharibiki, na haifiki popote. Na malango ya taa? Kwenye 0100 lango la taa ya 0 linaona linachokitafuta, la 2 nalo hivyohivyo, na la 5 pia. Pigo likija zinawaka 1, 3 na 6. Likija jingine, 2, 4 na 7. Hizo ndizo taa tatu zinazokimbizana. Ukiona idadi hiyo, huna haja ya kutafuta waya uliogusana. Umeshajua mashine iko wapi.

Kwenye mapambo hakuna anayeumia. Lakini wanafunzi wengi wa elektroniki hutengeneza kielelezo cha taa za njia panda kwa saketi hiihii, na hapo ndipo jambo linapopata uzito. Tuseme hatua 0 hadi 2 zinawasha kijani cha barabara A, hatua ya 3 njano yake, 4 hadi 6 kijani cha barabara B, na 7 njano ya B. Rudi kwenye 0100: hatua 0, 2 na 5 ziko hai kwa wakati mmoja, kwa hiyo A ina kijani na B ina kijani. Nimezikagua hali zote nane haramu moja baada ya nyingine, na kila moja inawasha kijani pande zote mbili.

Mashine inafikaje huko? Njia ya kawaida kabisa ni umeme kushuka bila kuzimika. Chipu za familia ya 4000, ambazo bado ziko kwenye maduka ya vipuri, zimeahidiwa kufanya kazi kuanzia volti 3. Chini ya hapo hakuna ahadi. Flipflopu moja inaweza kushika kumbukumbu yake mpaka volti zishuke sana, na jirani yake akaisahau mapema, kwa sababu hakuna transista mbili zinazofanana kabisa. Umeme ukirudi, mpangilio unaopatikana ni wa bahati nasibu, na kwa saketi yetu nusu ya mipangilio ni haramu. Njia nyingine ni makelele ya umeme. Kontakta ya mota ikiachia, koili yake inarusha volti kali kwa muda mfupi sana, na waya mrefu wa riseti au wa kuweka thamani unaopita karibu nayo unaweza kuipokea kama amri. Flipflopu moja ikageuka, nyingine zikabaki.

Watu wengi wanadhani wameshajikinga kwa sababu wameweka saketi ya riseti, yaani kapasita na rezista zinazotoa pigo la kuanzisha upya umeme unapowashwa. Hili linahitaji kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndipo zima-washa inapofanya kazi na umeme uliopepesa unaposhinda. Chukua rezista ya kiloohm 10 na kapasita ya mikrofaradi 10. Zidisha, unapata muda wa takriban milisekunde 100. Umeme ukianza kutoka sifuri, kapasita haina chaji, pigo la riseti linatoka vizuri. Umeme ukipotea kwa milisekunde 30 tu, kapasita haijapata nafasi ya kumwaga chaji yake. Umeme ukirudi, kwa kapasita ni kama hakuna kilichotokea, na riseti haitoki. Flipflopu zimesahau, mlinzi hajashtuka. Mafundi huongeza dayodi ili chaji imwagike haraka, na inasaidia. Lakini ikiwa volti zilishuka kutoka 5 mpaka 2 na kupanda tena, kapasita haiwezi kumwaga chini ya zile 2 zilizobaki, na pigo linalotoka ni dhaifu au halipo.

Dawa ya kweli ni chipu ndogo inayopima volti zenyewe badala ya kuhesabu muda. MAX810L, kwa mfano, ina miguu mitatu tu. Volti zikishuka chini ya 4.63 inatoa riseti, na inaendelea kuishikilia kwa angalau milisekunde 140 baada ya volti kurudi juu ya hapo. Haijalishi umeme ulipotea kwa muda gani au ulishuka kiasi gani. Ndani ya chipu nyingi za kuprogramu kuna kifaa cha namna hiyo tayari. ATmega328P, ile ya bodi za Arduino Uno, inacho, na kinawekwa kwenye 1.8, 2.7 au 4.3.

Hata hivyo mpima volti hasaidii chochote pale makelele yanapogeuza flipflopu moja huku volti zikiwa salama. Kwa hiyo mashine yenyewe lazima iwe na njia ya kurudi, na kwa kihesabio cha Johnson njia hiyo ni rahisi ajabu. Tazama mzunguko halali: hakuna mahali ambapo flipflopu tatu za mwanzo zinasomeka 010, yaani 1 iliyo peke yake katikati ya sifuri mbili. Kwenye mzunguko haramu ipo. Basi badala ya kuiachia flipflopu ya tatu ichukue thamani ya ya pili moja kwa moja, tunaiwekea sharti:

```
D3 = Q2 AND (Q1 OR Q3)
```

Maana yake ni kwamba ya tatu itapokea 1 kutoka kwa ya pili ikiwa tu ya kwanza au ya tatu nayo ni 1. Kwenye hali halali sharti hili halibadilishi kitu, kwa sababu linatimia kila Q2 inapokuwa 1. Kwenye hali haramu linakata ile 1 ya upweke isipite. Ukianzia 0100, sasa pigo moja linakupeleka 1000, ambayo ni halali. Ukianzia 0101, unafika 0000. Hali iliyo mbali kuliko zote ni 1010. Inapita 1101, 0110, 1011 na 0101 kabla ya kufika 0000, jumla mapigo matano. Lango moja la CD4081 na moja la CD4071, na kipilefti kimepata barabara.

Wabunifu wa chipu waliliona hili mapema. CD4017, ambayo inatoa hatua kumi na imo kwenye saketi nyingi za taa za kukimbizana, ni kihesabio cha Johnson chenye flipflopu tano. Tano zina mipangilio 32, kumi ni halali, 22 ni haramu. Ndani yake yamewekwa malango ya kuzuia kunaswa, na waraka wa chipu unalitaja jambo hilo waziwazi. Ndiyo maana taa za CD4017 zikiamka vibaya hujirekebisha zenyewe baada ya mapigo machache, ilhali zile alizojiundia mtu kwa flipflopu mojamoja hukesha tatu tatu.

Lakini mapigo matano si bure. Taa za mapambo zikipigwa mara moja kwa sekunde, ni sekunde tano za vurugu zisizomdhuru mtu. Kielelezo cha njia panda chenye hatua ya sekunde tano kitakuwa na kijani pande mbili hadi sekunde 25. Kurudi kwenye hali halali na kuwa salama wakati wa kurudi ni mambo mawili, na la pili linahitaji ulinzi wake. Kwenye makabati ya taa za barabarani nchini Marekani kuna kifaa kinachojitegemea, kisichoshiriki kumbukumbu na mashine inayoendesha taa. Kinapima volti kwenye nyaya za taa zenyewe. Kikikuta kijani mbili zinazogongana, ndani ya nusu sekunde kinainyang'anya mashine udhibiti na kuiweka njia panda kwenye taa za kumetameta, na inabaki hivyo mpaka fundi afike kuirudisha kwa mkono. Nakipenda uamuzi huo wa mwisho. Baada ya mgongano hakuna anayejua kwa hakika mashine ilikuwa hatua gani wala nani yuko katikati ya barabara, na kuanza upya na kijani cha A kana kwamba hakuna kilichotokea ni kubahatisha.

Kuna kasoro nyingine isiyoonekana kirahisi. Chukua hali yoyote halali ya kihesabio chetu na ugeuze tarakimu moja. Kwa 1100, unaweza kupata 0100 au 1101, zote haramu, au 1000 na 1110, ambazo ni halali kabisa. Ndivyo ilivyo kwa hali zote nane: migeuko miwili kati ya minne inakupeleka kwenye hatua ya kabla au ya baada. Hapo lango letu halioni tatizo, kwa sababu mashine iko mahali panaporuhusiwa, ila si pake. Anayehitaji kugundua kila mgeuko wa tarakimu moja lazima alipe kwa flipflopu zaidi. Njia ya kawaida ni kuipa kila hali flipflopu yake, ambapo hali halali ni ile yenye 1 moja tu. Taa nane zitataka flipflopu nane, mipangilio 256, na 248 kati yake ni haramu. Wingi huo wa haramu ndio faida yenyewe: tarakimu moja ikigeuka, unabaki bila 1 yoyote au unakuwa nazo mbili, na vyote viwili vinaonekana papo hapo.

Siku hizi mashine nyingi za hali haziunganishwi kwa waya bali huandikwa, kwa mfano kwa lugha ya Verilog, kisha programu inazigeuza kuwa saketi ndani ya chipu ya FPGA. Mwandishi makini huandika hivi:

```
case (hali)
  NYEKUNDU_ZOTE: ifuatayo = KIJANI_A;
  KIJANI_A:      ifuatayo = NJANO_A;
  NJANO_A:       ifuatayo = KIJANI_B;
  KIJANI_B:      ifuatayo = NJANO_B;
  NJANO_B:       ifuatayo = KIJANI_A;
  default:       ifuatayo = NYEKUNDU_ZOTE;
endcase
```

Hali ni tano ndani ya tarakimu tatu, zimebaki tatu haramu, na mstari wa `default` unazipeleka zote kwenye nyekundu pande zote. Ukisoma, unaridhika. Tatizo ni kwamba programu ya kugeuza nayo inasoma, na inafikiri kimantiki: kuanzia NYEKUNDU_ZOTE, kwa kufuata mishale hii, hakuna njia ya kufika kwenye zile tatu nyingine. Kwa hiyo mstari wa mwisho hautatumika kamwe, na malango yake ni upotevu wa nafasi. Inayafuta. Inaweza hata kubadilisha namba za hali na kuzipa mpangilio mwingine unaoipendeza. Kwa upande wa mantiki haijakosea; ila haikuambiwa kwamba nje kuna kontakta na umeme unaopepesa. Ulinzi ulioandikwa haupo tena kwenye chipu, na kwenye majaribio ya kawaida hakuna dalili itakayokuonyesha.

Lazima iambiwe. Kwenye Vivado agizo ni hili, linaloandikwa mbele ya flipflopu za hali:

```
(* fsm_safe_state = "default_state" *) reg [2:0] hali;
```

Programu nyingine zina maagizo yao yenye maana ileile. Baada ya hapo fungua ripoti ya ugeuzaji uone kama agizo limepokelewa, maana agizo lililoandikwa kwa herufi isiyo sahihi huweza kupita bila kelele.

Upande wa programu za kawaida za C mtego ni tofauti kidogo. Kigeugeu cha hali kikipata thamani ya 9 wakati hali ni tano, na `switch` haina `default`, hakuna kinachofanyika. Kitanzi kikuu kinaendelea kuzunguka na kila mara kinamtuliza mlinzi wa muda, kile kihesabio kinachowasha chipu upya programu ikiganda. Mlinzi anaona programu iko hai. Ni hai kweli, ila imenaswa. Kinachofaa ni kumtuliza mlinzi ndani ya hali halali tu, na kuacha riseti itokee mashine ikiwa nje ya hizo.

Njia ya kurudi ambayo haijawahi kupitiwa haiaminiki, na kungoja umeme upepese ukusaidie kujaribu ni kupoteza siku. Kwa saketi yetu ya mkononi, tumia CD4013 mbili, kila moja ina flipflopu mbili na mguu wa kuzilazimisha ziwe 1. Miguu hiyo iunge kwenye ardhi kupitia rezista za kiloohm 10, na kwa kila mguu weka swichi ya kubonyeza inayokwenda volti 5. Punguza mapigo mpaka moja kwa sekunde. Taa ya 0 ikiwa inawaka, yaani 0000, bonyeza na kuachia swichi ya flipflopu ya pili kabla ya pigo linalofuata. Umetengeneza 0100 kwa makusudi. Bila malango ya kurekebisha utaona 0, 2 na 5 zinawaka na mkimbio wa tatu tatu unaanza. Ukiyaunga, pigo moja tu na taa ya 1 inawaka peke yake. Kwenye Verilog amri ya `force` ya programu ya kuigizia inafanya kazi ya swichi hizo. Ilazimishe mashine kwenye kila hali haramu, moja baada ya nyingine, uiachie, na uhesabu mapigo mpaka irudi. Kwa kihesabio chetu majaribio ni manane, na jedwali lako linapaswa kuonyesha namba isiyozidi tano kwenye kila mstari. Fanya jaribio hilo kwenye saketi iliyokwisha kugeuzwa kuwa malango, si kwenye maandishi uliyoandika, kwa sababu kwenye maandishi ule mstari wa `default` utafanya kazi kila mara, hata kama kwenye chipu haupo.